Kenchi za chuma zilizoliwa na kutu: ipi ni hatari, ipi inasubiri, na nani anaanza kutengenezwa

Kila paa la chuma likidondoka mahali, siku mbili zinazofuata watu wanaanza kupiga picha mapaa ya kumbi, maghala, masoko na madarasa yao na kuuliza kama yako salama. Chini ya picha hizo majibu huwa ya aina mbili tu. Wa kwanza anasema hiyo kutu ni ya kawaida, piga msasa upake rangi. Wa pili anasema hameni leo. Wote wawili wanajibu kwa kuangalia wekundu wa picha, na hapo ndipo tatizo lilipo, kwa sababu wingi wa kutu unayoiona hausemi sana kuhusu hatari. Kinachosema ni chuma kiasi gani kimebaki, kimebaki kwenye kiungo gani, na kiungo hicho kikiachia nini kinafuata.

Tuanze na maneno ili twende pamoja. Kenchi ni ile fremu ya pembetatu inayobeba paa kutoka ukuta hadi ukuta. Ina mkono wa juu unaofuata mteremko wa bati, mkono wa chini uliolala, na vipande vya katikati vya wima na vya mshazari. Vinapokutana panaitwa kiungo, na mara nyingi pana bamba la chuma ambalo vipande vyote vimechomelewa au kufungwa boliti. Juu ya kenchi zimelala papi, ndizo zinazoshika bati. Kati ya kenchi na kenchi kuna vyuma vya kuzuia zisilale upande, na hivi watu wengi hawavihesabu kabisa, wanaona kama mapambo.

Sasa jambo la msingi kuliko yote. Kipande kwenye kenchi kinafanya kazi moja kati ya mbili, kinavutwa au kinasukumwa. Paa likikaa kwa uzito wake wa kawaida, mkono wa chini unavutwa kama kamba na mkono wa juu unasukumwa kama fimbo ya kutembelea. Kamba inaogopa kupungua nyuzi, ikibaki nyembamba mahali pamoja tu inakatikia hapo hapo hata kama kwingine kote ni nzima. Fimbo yenyewe haikatiki, inapinda, na inapinda mapema zaidi ikiwa ndefu, nyembamba na haijashikwa pembeni. Kwa hiyo kutu ile ile ya milimita moja ina maana tofauti ukiikuta chini na ukiikuta juu, na mkaguzi ambaye hajui kipande kipi kinafanya kazi gani hata akipanda na vifaa vya bei mbaya atakuandikia ripoti ya rangi tu.

Halafu kuna upepo. Paa la bati ni jepesi, upepo mkali unaweza kulinyanyua kuliko uzito wake unavyolivuta chini, na dakika hiyo kazi zinageuka, mkono wa chini uliokuwa kamba unakuwa fimbo. Ndiyo maana vile vyuma vya pembeni vilivyoonekana havina kazi ghafla vinakuwa muhimu, na kama kutu imevila hakuna kinachouzuia mkono wa chini usipinde upande.

Kutu nene inadanganya, chuma safi nacho kinadanganya

Chuma kikigeuka kutu kinavimba, kutu inachukua nafasi mara kadhaa ya chuma kilichoizaa. Unaweza kukuta magamba manene ya milimita kadhaa, ukayagonga na nyundo, ukapiga brashi ya waya, ukapima, ukakuta kumbe imepotea milimita moja au chini ya hapo. Na unaweza kukuta sehemu ambayo maji yanapita kila mvua, magamba yameshaoshwa zamani, inaonekana laini ya kahawia tu, ukiipima imebaki nusu. Kwa hiyo hakuna ukaguzi bila kusafisha na kupima. Kalipa inatosha pale unapofikia pande mbili za bamba, na pale usipofikia kuna kipimo cha mawimbi ya sauti kinachowekwa upande mmoja, lakini nacho kinataka uso uliosafishwa, ukikiweka juu ya rangi iliyovimba au kwenye mashimo mashimo kinakupa namba isiyo ya kweli.

Kuvimba huko kuna ubaya mwingine. Kenchi nyingi zimetengenezwa kwa engo, yaani chuma cha umbo la L chenye mabawa mawili, zikiwekwa mbili mgongo kwa mgongo na nafasi ndogo katikati, na ile nafasi brashi haiingii wala rangi haifiki, ila maji na vumbi vinaingia vizuri tu. Kutu ikijaa mle inasukuma engo zitengane, ukisimama kichwani mwa kenchi ukaangalia kwa urefu utaona zimefanya tumbo, na boliti au mistari ya kuchomelea iliyozishika inabeba nguvu ambayo hakuna aliyeipigia hesabu. Nikiona tumbo hilo naangalia boliti kabla sijaangalia engo zenyewe.

Sehemu zinazooza kwanza karibu kila jengo ni zile zile. Mwisho wa kenchi unapokaa juu ya ukuta chini ya gata, hasa kama umezikwa ndani ya tofali na plasta. Mabamba ya viungo vya chini, kwa sababu uchafu na kinyesi cha ndege vinatua hapo na kushika unyevu. Engo iliyowekwa ikitazama juu kama mfereji. Na mabomba yaliyofungwa pande zote ambayo fundi aliacha tundu dogo, maji yanaingia hayatoki, kinaoza kwa ndani huku nje kinang'aa. Hao wenye mabomba wagonge kila hatua wakisikiliza mlio, na pale chini kabisa watoboe tundu dogo waone kama kuna maji.

Kuhusu viungo nitoe mfano mmoja wa kweli hata kama haukuwa wa kenchi. Jumba la maduka la Algo kule Elliot Lake, Kanada, lilikuwa na maegesho ya magari juu ya paa na lilivuja tangu miaka ya mwanzo baada ya kufunguliwa mwaka 1980. Maji yenye chumvi ya barabarani yalikuwa yanashuka hadi kwenye kiungo cha boriti na nguzo. Tarehe 23 Juni 2012 kiungo kimoja kikaachia, sehemu ya paa ikaanguka, watu 2 wakafa. Miezi michache tu kabla injinia alipita akaangalia kwa macho na kuandika kwamba jengo liko sawa. Boriti yenyewe haikukatika katikati, kilichoisha ni kiungo, mahali padogo ambapo maji yalikuwa yanarudi kila siku.

Tuchukue ukumbi mmoja na namba zake

Huu ni mfano wa hesabu ili tuone jinsi alama za hatari zinavyopatikana. Ukumbi una upana wa mita 12, kenchi za pembetatu kila baada ya mita 4, kimo cha katikati ni mita 1.5, na una miaka 22. Bati, papi, dari na uzito wa ziada wa kubuni vikijumlishwa tuseme kilo 125 kwa kila mita mraba. Kenchi moja inabeba mita mraba 48, yaani tani 6, kila mwisho unapokea tani 3.

Mkono wa chini ni engo mbili za milimita 50 kwa 50 kwa 6. Watu wengi wanadhani sehemu inayochoka zaidi ni katikati kwa sababu ndiko kenchi inakoning'inia mbali na ukuta. Kwenye kenchi ya pembetatu sio hivyo. Mkono wa juu unashuka kwa mteremko mdogo hadi kwenye ukuta na unataka kusukuma ukuta nje, na mkono wa chini ndio unaouzuia, kwa hiyo mvuto mkubwa kabisa uko kwenye kipande cha kwanza karibu na ukuta. Ukitoa mzigo mdogo unaoshuka moja kwa moja ukutani inabaki kama kilo 2,625 ya kupandishwa na mkono wa juu, na kwa mteremko wa mita 1.5 kwa mita 6 mvuto ni mara nne ya hiyo, kilo 10,500. Ona hapo, paa la tani 6 linazaa mvuto wa tani 10 na nusu, na unaangukia mahali pale pale gata linapovujia.

Engo mbili zikiwa mpya zina jumla ya milimita mraba 1,138 za chuma. Gawanya, unapata kilo 9.2 kwa kila milimita mraba. Chuma cha kawaida cha ujenzi kinaanza kunyumbuka bila kurudi kwenye kama kilo 25, kwa hiyo akiba ilikuwa mara 2.7, na desturi ya hesabu za zamani ilikuwa usishuke chini ya mara 1.67 hivi. Jengo lilikuwa na starehe.

Sasa tumesafisha, tumepima. Katikati ya kenchi mkono wa chini umejaa magamba mekundu, ndio uliopigwa picha na kuwatisha watu, lakini imebaki milimita 5.7 kati ya 6. Imepotea asilimia 5. Mwisho wa ukutani, kwenye ukingo wa bamba la kiungo, hakuna magamba mengi, ila bawa lililolala limebaki milimita 2 mahali pabaya zaidi na bawa la wima milimita 4. Hesabu ya mahali hapo inatoa milimita mraba 584 kwa engo zote mbili. Kilo 10,500 ukizigawa hapo unapata 18 kwa kila milimita, na akiba imeshuka hadi 1.4. Hapo mtu atasema basi bado haijavunjika, ni kweli, ndio maana imesimama. Lakini hiyo 1.4 haijahesabu kwamba bawa moja limekuwa jembamba kuliko lingine kwa hiyo mvuto haupiti katikati tena na engo inapinda kidogo, haijahesabu hali ya mstari wa kuchomelea, na imedhani chuma chenyewe kina ubora tunaoufikiria wakati hatuna karatasi zake. Na tafadhali, hesabu inafanywa kwa mahali pabaya zaidi, sio wastani wa vipimo kumi, kwa sababu kinachovutwa hakikatiki kwenye wastani.

Kuna kitu kingine namba hizi zinasema. Katikati imepotea milimita 0.3 kwa pande mbili ndani ya miaka 22, yaani mikroni 7 hivi kwa mwaka kila upande, mikroni ikiwa sehemu moja ya elfu ya milimita. Hiyo ni hewa tulivu. Mwisho wa ukutani zimepotea milimita 4, mikroni 90 kwa mwaka kila upande, kasi ambayo kwenye viwango vya kimataifa vya kutu ya hewani inaangukia kundi la C5, la mazingira makali sana. Jengo moja haliwezi kuwa na hali ya hewa mbili, kwa hiyo mkosaji ni gata. Ukitengeneza chuma ukaliacha gata, umenunua miaka michache tu.

Kutoa alama

Kila ofisi ina jedwali lake, hili ninalolitumia hapa ni la aina inayotumika sana. Unatoa alama ya hali kuanzia 1 hadi 5, ambapo 1 ni upotevu usiozidi asilimia 5, 2 hadi 10, 3 hadi 20, 4 hadi 30, na 5 ni zaidi ya 30 au kuna ufa, tundu, au boliti iliyokatika. Halafu unatoa alama ya madhara, 1 hadi 5, ukijiuliza kikiachia nini kinafuata, je ni bati moja linalegea au ni kenchi nzima inashuka juu ya watu. Unazidisha.

Mwisho wa ukutani umepoteza karibu asilimia 49, hali 5. Ukikatika, mkono wa juu unateleza nje na kenchi yote inashuka, madhara 5. Alama 25, hakuna juu ya hapo. Katikati palipowatisha watu, hali 1 na madhara 5, alama 5. Vyuma vya pembeni vya kuzuia kenchi zisilale vimepoteza robo, hali 4, na kwa sababu ya upepo madhara nayaweka 4, alama 16. Papi mbili zimetoboka kabisa, hali 5, ila papi ikiachia jirani zake zinashika bati, madhara 2, alama 10.

Mkono wa juu ni engo za 60 kwa 60 kwa 6, na sehemu moja imebaki 4. Ukitumia asilimia ni theluthi, ni 5 tayari. Lakini hata bila asilimia kuna la kuangalia, upana wa bawa ulikuwa mara 10 ya unene na sasa ni mara 15, na bawa jembamba hivyo likisukumwa linaanza kujikunja lenyewe kabla engo nzima haijapinda. Madhara 5 pia, kwa hiyo 25 ya pili. Hii watu wanaikosa kwa sababu iko juu, gizani, nyuma ya dari.

Halafu kuna mahali pasipoonekana, yaani kichwa cha kenchi kilichozikwa ndani ya ukuta. Hapa ndipo naona ripoti nyingi zinaharibika, mkaguzi hakuona kitu akaandika 1. Kutokuona sio hali nzuri. Kama gata la juu yake linavuja na engo iliyo nje imebaki milimita 2, basi kichwa kilicho ndani kipewe 5 mpaka tofali mbili zitolewe na mtu apime. Ripoti ioneshe wazi alama ipi imepimwa na ipi imekisiwa.

Na kuzidisha nako kuna mwisho wake. Kitu chenye hali 2 na madhara 5 kinapata 10 sawa na zile papi zilizotoboka, ila havifanani kabisa. Papi unabadilisha ukipata nafasi, kile kingine unakirudia kukipima kwa sababu kikishuka hatua moja tu kinakuwa 15. Kwa hiyo usipange kazi kwa namba peke yake, soma na jinsi ilivyozaliwa.

Nani anaanza

Kwa ukumbi wetu siku ya kwanza sio rangi. Ni kutoa watu chini ya kenchi hizo, kuondoa chochote kilichoning'inizwa au kuwekwa juu yake, na kuziba maji hata kwa turubai. Kisha nguzo za muda. Hapa nasihi sana, usisimamishe nguzo popote inapofaa kusimama. Ukiiweka katikati ya kipande, unakipinda. Ukiiweka chini ya kiungo cha kwanza, mita 1.5 kutoka ukutani, mwisho uliooza unapumzika, lakini kipande cha wima cha kiungo kile ambacho kilikuwa karibu hakina kazi sasa kinasukumwa na zaidi ya tani 2, kwa hiyo nacho kihesabiwe na kiongezewe nguvu kabla. Sakafu chini ya nguzo nayo ihesabiwe.

Pili ni matengenezo yenyewe ya zile sehemu zenye alama 25. Fundi atakuja na bamba akitaka kubandika juu ya engo na kuchomelea. Kuna mambo mawili. Chuma cha milimita 2 kinatobolewa na moto wa kuchomelea, na chuma kilichopashwa joto wakati kinavutwa kinapoteza nguvu pale pale, kwa hiyo kilichobaki milimita 3 kushuka chini ni bora kukatwa na kuwekewa kipande kipya huku nguzo imebeba mzigo. Pale palipobaki nene, vyuma bapa viwili vya 50 kwa 6 vinarudisha milimita mraba 600, vinatosha kufidia zile 554 zilizopotea, mradi vivuke sehemu mbovu pande zote hadi kwenye chuma kizima na kwenye bamba la kiungo, na mistari ya kuchomelea ifuate urefu, isikate engo kwa upana. La pili ndilo linalosahaulika zaidi. Bamba ukilibandika wakati kenchi imebeba paa, halibebi chochote cha mzigo uliopo, linasubiri mzigo mpya. Engo iliyochoka inaendelea kubeba kilo zake zile zile. Ndio maana kenchi inyanyuliwe kidogo kwa jeki kwanza, ipumue, bamba lifungwe, halafu jeki ishushwe ndipo chuma kipya kipokee sehemu yake.

Kisha vyuma vya pembeni, kabla ya msimu wa upepo, halafu papi. Gata linabadilishwa sambamba na kazi ya kwanza. Rangi inakuja mwisho, na rangi juu ya kutu ni kuificha tu, haina nguvu inayorudisha. Isafishwe hadi chuma kionekane, praima yenye zinki iwahi siku hiyo hiyo kabla kutu haijarudi, halafu epoksi na koti la juu. Ambao kenchi zao zimepakwa zinki kiwandani wasidhani hawahusiki, ile zinki inaisha yenyewe ikimlinda chuma, na huisha kwanza pale pale kwenye gata na pale fundi alipochomelea akaiunguza.

Sehemu ya katikati, ile nyekundu ya kwenye picha, inasubiri zamu yake ya brashi na rangi bila haraka. Sehemu zilizopimwa ziwekewe alama ya kudumu kwenye chuma na namba zake ziandikwe, ili anayekuja baada ya miaka miwili apime pale pale, aone kama kasi ya mikroni 90 imesimama au gata jipya nalo linavuja.